Gawio la asilimia 10 au mshahara wa asilimia 30? Hesabu ya mwenye kampuni ndogo

"Mhasibu ananing'ang'aniza nijilipe mshahara kwenye kampuni yangu mwenyewe, wakati gawio linakatwa 10% tu na mshahara unafika 30%. Si ananipotezea hela?"

Hakupotezei. Hiyo 10% ni mkato wa pili, wa kwanza umeshapita na wewe hukuuona. Gawio linatoka kwenye faida, na hapa Tanzania Bara faida ya kampuni inakatwa 30% kwanza, ndo kinachobaki kinakatwa hiyo 10 ukikitoa. Kwa hiyo kwenye kila shilingi 100 ya faida, 30 inaenda, inabaki 70, inatoka 7, unashika 63. Kodi yako ya kweli ni 37%, sio 10. Mshahara ni gharama ya kampuni, unatolewa kabla faida haijahesabiwa, hiyo 30 ya kwanza haiugusi kabisa.

Na hata hiyo 30% ya PAYE, kodi ya mshahara, watu wanaisoma vibaya. Haikati mshahara wote. 270,000 za mwanzo kila mwezi hazina kodi, hapo juu inaanza 8%, inapanda kidogo kidogo, 30% inagusa kile kinachozidi milioni moja tu. Mtu wa milioni moja kamili analipa 128,000. Gawio halina hizo ngazi, linakatwa toka shilingi ya kwanza.

Tuchukue karakana ya fanicha pale Mwanza, mwenyewe na mafundi wanne, na kila mwezi ana 2,210,000 ambazo anaweza kuzitoa kwa njia yoyote. Akijiandikia mshahara wa 2,000,000, kampuni inamuongezea NSSF 200,000 na 10,000 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, hela imeisha. Yeye anakatwa NSSF yake 200,000, ambayo haihesabiwi kwenye PAYE, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 1,800,000 na inakuwa 368,000. Anaondoka na 1,432,000 mkononi, na NSSF ina 400,000 kwa jina lake. Sasa aiache ile 2,210,000 iwe faida: kodi ya kampuni 663,000, inabaki 1,547,000, ya gawio 154,700, mkononi 1,392,300 na NSSF hamna kitu. Yaani kwa mshahara ameshika 39,700 zaidi kila mwezi halafu juu yake ana laki nne za akiba! Kodi peke yake (na WCF nimeiweka humo) ni 378,000 dhidi ya 817,700, tofauti ya milioni 5.2 na kitu kwa mwaka, hiyo ni mashine na mbao, mtu anaitoa kwa kuogopa neno PAYE.

Upande wa gawio nao una hoja yake na siikatai. NSSF sio kodi ila pia sio hela ya kesho, pensheni yenyewe inataka michango ya miezi 180. Ukiangalia keshi ya mkononi tu, mshahara unaanza kushindwa ukifika kama milioni 2.6 kwa mwezi, maana juu ya hapo kila shilingi 1,105 inayotoka kwenye kampuni inakuachia 630 tu kwa mshahara, na kwa gawio inakuachia karibu 696. Ukifikisha wafanyakazi 10 inaingia na SDL, tozo ya ufundi stadi ambayo kampuni inalipa juu ya mishahara, hiyo milioni 2.6 inashuka. Tena PAYE inadaiwa tarehe 7 ya mwezi unaofuata hata kama mteja hajakulipa, gawio linasubiri faida iwepo. Na ndugu mwenye hisa ambaye hafanyi kazi pale, huyo apewe gawio tu, mshahara wa mtu asiyefanya kazi TRA wanaukataa kama gharama.

Kwa karakana yetu ningeweka mshahara kati ya milioni 1.5 na 2.5, ulingane na kazi anayoifanya kweli, kinachozidi mwisho wa mwaka akichukue kama gawio kama hakihitaji kwenye biashara.

Ila kinachowaumiza wengi sio kuchagua vibaya, ni kutochagua. Mtu anatoa hela kwenye akaunti ya kampuni akiwa na shida, leo ada, kesho saruji, hakuna peiroli wala azimio la gawio, mwisho wa mwaka mhasibu anaitupia yote kwenye mkopo wa mkurugenzi, yaani deni ambalo wewe unadaiwa na kampuni. Fungua mizania ya miaka mitatu uangalie huo mstari. Kama unakua kila mwaka na hakuna siku umerudisha hata senti, mkaguzi akija ataiita mshahara ambao PAYE yake haikulipwa, au gawio lililotoka bila kukatwa, na vyovyote atakavyoiita kuna riba toka mwezi ule hela ilipotoka.