1 kwa 90 haimaanishi mtoto anaumwa

Wifi angu alinipigia simu siku ya Jumanne saa tatu usiku, mi niko jikoni Nzuguni nasonga ugali, akawa haongei, analia tu. Baadae kaka akachukua simu akasema "dada, majibu yametoka, mtoto ana Down." Nikamuuliza nani kasema, akasema karatasi imesema. Nikawaambia nitumieni picha ya hiyo karatasi wasap sa hivi hivi.

Mi nimefanya kazi maabara miaka mingi, karatasi za aina hiyo nimeziona. Nilipoifungua sikuona popote pameandikwa mtoto ana kitu. Paliandikwa 1:90, na juu yake kwa rangi nyekundu neno la kizungu linalosema hatari ni kubwa. Basi. Ile rangi nyekundu ndo iliyoliza familia nzima, maana hata mama alishaanza kufunga na kuomba.

Naandika hapa kwa sababu nimechoka kuona hili jambo likitokea kwa watu, na maabara binafsi hapa mjini zinazidi kuchukua damu za hivi vipimo na kuzisafirisha, majibu yanarudi kwa email, mama anakabidhiwa karatasi na hamna mtu wa kukaa nae dakika kumi amwambie inasema nini.

Kipimo alichofanya wifi ni cha mchujo. Wanachukua damu ya mama kwenye wiki ya 11 hadi 13 hivi, wanaangalia vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo la nyuma, kimoja kinaitwa PAPP-A kingine ni ile homoni ya mimba hCG, wanachanganya na umri wa mama, alafu kompyuta inapiga hesabu. Kromosomu za mtoto hakuna aliyeziona hapo. Hakuna hata seli moja ya mtoto iliyowekwa chini ya hadubini. Kinachotoka ni namba ya uwezekano tu. 1 kwa 90 maana yake tukiwaweka wajawazito 90 wenye majibu kama ya wifi pamoja, mmoja mtoto wake ana kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, ambayo ndo Down yenyewe, na wale 89 waliobaki watoto wao hawana. Ukiifanya asilimia ni kama 1.1, yaani karibu asilimia 99 hana. Sasa kwanini wameandika nyekundu? Kwa sababu maabara lazima iweke mstari mahali, wengi wanauweka kwenye 1 kwa 250, Uingereza wanatumia 1 kwa 150, ukiwa juu ya mstari unaitwa ukapimwe zaidi.

Sisi watu wa Dodoma tunaelewa hili vizuri kuliko mtu yeyote. Kila mwaka vijana wanajaa hapa kwa usaili wa ajira, wanalala kwa ndugu, wanalala gesti, jina limetoka kwenye PDF. Kuna mtu anaona jina lake kwenye PDF ya kuitwa usaili akaenda kukopa akisema ameshapata kazi? Jina kutoka ni kuitwa tu, kazi ni jambo lingine. Majibu ya mchujo ni ile PDF.

Na kuna kitu kingine kwenye karatasi ya wifi ambacho kilinifanya nikae chini kabisa. Umri wa mimba. Fomu ilisema siku damu inachukuliwa mimba ilikua na wiki 12 na siku 6. Nikampigia nikamuuliza wifi, tarehe ya hedhi ya mwisho uliwapa ya lini, akasema "niliwaambia mwanzoni mwa mwezi, wao wakaandika tarehe moja." Na wifi alikua katoka kuacha sindano ya uzazi wa mpango miezi michache nyuma, hedhi yake ilikua inakuja inavyotaka, leo siku 27 kesho siku 45. Nikamuuliza altrasaundi ulipiga? Akasema nilipiga siku hiyo hiyo asubuhi, karatasi ipo kwenye pochi, hawakuiomba. Akaitoa akanisomea, urefu wa mtoto toka kichwani hadi makalioni milimita 49. Mtoto wa milimita 49 ana wiki 11 na siku 4 hivi. Siku 9 tofauti!

Mtu anaweza kusema siku 9 ni nini, mtoto si atazaliwa tu. Kwenye hiki kipimo siku 9 ni kila kitu na ngoja nieleze kwanini. PAPP-A inapanda haraka sana wiki hizo, kila wiki inaongezeka kwa kiasi kikubwa. hCG yenyewe wakati huo imeshafika kileleni inaanza kushuka. Kompyuta inachukua damu yako inailinganisha na damu ya wanawake wengine wa wiki ile ile. Sasa ukimwambia ana wiki karibu 13 wakati ana 11 na nusu, PAPP-A yake itaonekana iko chini sana na hCG itaonekana iko juu. Na PAPP-A kuwa chini huku hCG iko juu ndo sura yenyewe ya mimba ya mtoto mwenye Down. Kwahiyo kosa la tarehe la upande huo halikupi majibu yaliyoharibika ukashtuka ukarudia, linakupa majibu yaliyonyooka kabisa yanayofanana na tatizo. Ukikosea upande wa pili, mimba kubwa ukaandika ndogo, hatari halisi inaweza kufichika ukaambiwa uko salama. Hilo la pili naliogopa zaidi.

Daktari mmoja wa altrasaundi ambae amesomea mambo haya alikua Dar, wifi na kaka wakapanda SGR asubuhi wakaenda. Alimpima tena, mtoto sasa ana wiki 13 na siku chache, bado dirisha lilikua halijafunga, akapima na ule unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto, milimita 1.6, ambayo haina shida. Akaomba maabara waingize umri sahihi wa ile siku ya damu pamoja na hicho kipimo cha shingo. Damu ni ile ile, mama ni yule yule wa miaka 36. Namba ikarudi 1 kwa 740.

Hapo kaka akaniuliza swali zuri sana, akasema dada, sasa si tupime kile cha uhakika tumalize? Nikamwambia kipo, ila ni kitu tofauti kabisa na mkijue kabla hamjakisema. Kipimo cha kuthibitisha kinataka seli za mtoto zenyewe. Kuanzia wiki ya 15 daktari anaangalia kwa altrasaundi mtoto yuko wapi, anapitisha sindano nyembamba tumboni kwa mama, anavuta maji yanayomzunguka mtoto kama mililita 15 hadi 20. Kwenye maji hayo kuna seli zilizobanduka kwenye ngozi ya mtoto. Maabara inazikuza siku kadhaa, alafu mtu anazihesabu kromosomu kwa macho, 46 au 47, kwa kawaida unasubiri wiki mbili hivi. Kuna njia ya haraka ya siku mbili tatu ila inaangalia chache tu, 21, 18 na 13. Hapo ndo unaweza kusema ana au hana. Lakini sindano yenyewe inaweza kusababisha mimba kutoka, akifanya mzoefu inakadiriwa ni chini ya 1 kwa 200, na mama ambae grupu lake la damu ni hasi anatakiwa achomwe ile sindano ya kinga baada ya hapo. Kwahiyo unaweka mezani hatari mbili unazitazama. Wifi alizitazama akasema sindano haitaki. Mwanamke mwingine mwenye 740 hiyo hiyo angeitaka kwa sababu hawezi kulala bila kujua, na mi nisingemlaumu hata kidogo.

Kuna na kile kipimo kipya cha damu kinachosoma vinasaba, NIPT, wenzetu wenye hela kidogo wanakipenda, na wauzaji wanasema ni asilimia 99. Ni kizuri kweli, bora sana kuliko kile alichofanya wifi. Ila bado ni mchujo. Vinasaba vinavyosomwa vinaelea kwenye damu ya mama vimetoka kwenye kondo la nyuma, na kondo na mtoto saa nyingine havifanani, kondo linakua na seli zenye kromosomu ya ziada mtoto akawa hana. Chukua wanawake 10,000 wa miaka 25. Kwenye wiki ya 12 kama 10 hivi watoto wao wana Down, kipimo kitawakamata karibu wote. Lakini kikikosea kwa mmoja tu katika kila 1,000 wa wale wengine, hao ni 10 nao. Umeona? 20 wanaitwa ofisini, nusu yao watoto wao hawana. Kwa wanawake wa miaka 40 ni tofauti, kwa sababu wenye Down ni kama 147 na wa kukosewa ni wale wale 10, kwahiyo jibu baya hapo mara nyingi ni la kweli. Kipimo kimoja, jibu moja, maana mbili. Ndio maana hata NIPT ikisema kuna tatizo unatakiwa uthibitishe kwa sindano kabla hujaamua chochote.

Na aliyeambiwa hatari ni ndogo asidhani kapewa cheti. Namfahamu mama mmoja wa Chang'ombe alipewa 1 kwa 2,000 akiwa na miaka 27, akajifungua binti mwenye Down. Aliumia zaidi na kudanganywa kuliko na mtoto, na hakuna aliyemdanganya, yeye alikua yule mmoja, ila hamna mtu aliyewahi kumwambia kwamba huyo mmoja yupo. Binti yake wakagundua moyo una tundu akiwa na miezi 7, wakati karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo, angepimwa moyo wiki ya kwanza kama watu wangekua macho.

Ninachotaka sio kikubwa. Fomu ya damu isipokelewe bila karatasi ya altrasaundi, maabara ikiona tarehe imekadiriwa ipige simu, na anaetoa majibu aseme namba kwa watu, "wanawake 90 kama wewe, 89 watoto wao hawana", badala ya kumpa mtu rangi nyekundu aende nayo nyumbani.

Wifi sa hivi ana wiki 31. Juzi tulikua Majengo sokoni tunanunua karanga akaniuliza, "wifi, ile 740 si bado ipo?" Nikamwambia ipo, haijaenda popote. Akasema sawa, tukaendelea kuchagua karanga.