Benki haifungui kontena

Wiki hii nimelisikia tena lile lalamiko: "Benki imemlipa mwizi kwa pesa yangu." Mwagizaji mmoja alifungua LC, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta nyaraka zilizotajwa, ili anunue pampu za maji. Kontena lilipofunguliwa, pampu zikawa kuukuu, zimepakwa rangi upya, na vichwa vya skrubu vimelika kwa kufunguliwa na kufungwa. Akanionyesha kwa kidole sehemu ya 47A ya LC yake, penye masharti ya ziada: pampu ziwe mpya kabisa, zisiwe zilizokarabatiwa. "Si nimeandika? Au benki hawajui kusoma?"

Wanajua, ndugu yangu. Tatizo ni kwamba umeandika sharti ukasahau kuomba karatasi ya kulithibitisha. LC nyingi zinafuata UCP 600, kanuni za kimataifa za LC zilizoanza kutumika Julai 2007, na kifungu cha 5 kinasema wazi kuwa benki inashughulika na nyaraka, haishughuliki na bidhaa. Kifungu cha 14(h) ndicho kilichommaliza: sharti lisilotajiwa waraka wa kuonyesha kuwa limetimizwa, benki inalihesabu kama halijaandikwa na inalipuuza. Sentensi aliyoitegemea kuliko zote haikuwa na uzito wowote.

Basi ningeomba cheti cha ukaguzi, akasema. Sawa, lakini hapo ndipo wengi wanapojikwaa mara ya pili. Ukiandika "cheti cha ukaguzi" ukaishia hapo, hujasema nani akitoe wala kiseme nini. Kwa kifungu cha 14(f), benki itakipokea kama kilivyoletwa, mradi maudhui yake yaonekane yanafanya kazi ya cheti cha namna hiyo na hayapingani na nyaraka nyingine. Maana yake muuzaji anaweza kujikagua mwenyewe, akajipa alama, akagonga muhuri wake. Hongera kwake!

Kinachotakiwa kiingie sehemu ya 46A, penye orodha ya nyaraka, kiwe cheti kilichotolewa na kampuni ya ukaguzi uliyoitaja kwa jina, kinachosema pampu zilikaguliwa kabla ya kupakiwa, ni mpya na hazijatumika, na kinachoorodhesha namba zake za kiwandani. Cheti kikikosekana, au kikitolewa na mtu mwingine, au kikinyamaza kuhusu upya wa pampu, hiyo ni kasoro na benki ina haki ya kukataa kulipa. Nakubali, hata hapo mkaguzi anaweza kuangalia sampuli chache tu, na cheti kinaweza kughushiwa. Benki haibebi dhamana ya ukweli wa nyaraka. Lakini kumdanganya mkaguzi wa nje ni kazi ngumu kuliko kupaka rangi.

Sasa sikia linaloniudhi zaidi. Katika kuperuzi faili lake nikakuta taarifa ya kasoro kutoka benki. Tarehe ya mwisho ya kupakia ilikuwa Machi 10, hati ya shehena inaonyesha mzigo ulipanda melini Machi 12. Benki ina siku tano za kazi tangu siku inayofuata kupokea nyaraka, iamue kulipa au kukataa. Ndani ya muda huo ikamuuliza: unairidhia kasoro hii? Akasaini siku ileile. "Siku mbili tu, zina nini?"

Zina nguvu ya kukuacha useme hapana! Kabla ya saini ile, muuzaji hakuwa na haki ya kulipwa chini ya LC. Ungeweza kumwambia, "Nitaridhia ukileta ripoti ya mkaguzi." Haya, najua upande wa pili: mzigo ukikaa bandarini gharama zinapanda, na hatimaye wewe ndiye unayetaka bidhaa. Ndiyo maana watu husaini. Ila kusaini bila kuuliza chochote ni kutoa zawadi.

Na msije mkageuka wakali wa herufi. Kosa la tahajia lisilobadilisha maana si kasoro, wala nyaraka hazilazimiki kufanana neno kwa neno, zisipingane tu. Ankara ndiyo inayobanwa zaidi: maelezo ya bidhaa lazima yaoane na ya kwenye LC. Namba ya modeli ikiwa 321 badala ya 123, hiyo si tahajia tena.

Aliniuliza kama LC nyingine aliyokwisha kuifungua kwa muuzaji tofauti inaweza kuongezewa cheti. Inaweza, muuzaji akikubali. LC chini ya kanuni hizi haibadilishwi bila ridhaa yake, na akikaa kimya hiyo haihesabiwi kuwa ndiyo. Nimemwambia aombe leo, kabla mzigo haujapakiwa, na LC ya tatu anayotaka kuifungua asiisaini fomu ya maombi mpaka tuisome wote 46A mstari kwa mstari.