Hatua ngumu za vipassana: mwalimu aseme mapema au anyamaze?

"Nilikaa mafungo ya kimya siku kumi, siku ya saba usiku nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuiona maishani, nikamwambia mwalimu, akanijibu taja tu, endelea. Nimerudi nyumbani ndo nasoma kwamba kumbe hizi hatua zimeandikwa tangu enzi. Sasa kama walijua si wangeniambia?"

Pole sana kwanza. Na ndiyo, walijua. Kunyamaza kwao mara nyingi sio uzembe, ni utaratibu wa makusudi wenye sababu zake, na nyingine ni sababu nzito kweli. Ila zina mahali zinapoishia.

Vipassana ni kutafakari kwa Kibuddha ambako mtu anaangalia mwili na akili yake vinavyokwenda. Nitabaki kwenye njia ya mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma, kwa sababu ndiyo iliyoshika hii ramani ya hatua kwa karibu kuliko nyingine. Mahasi (1904–1982) alianza kufundisha Yangon mwaka 1949 na vituo vya njia yake vikaenea mpaka nje ya Asia. Siku ya huko ni hivi: unaamka saa tisa au saa kumi usiku, unakaa saa nzima, unatembea taratibu saa nzima, unakaa tena, unatembea tena, mpaka usiku, na baada ya saa sita mchana huli kitu. Ukikaa unafuata tumbo, likipanda unataja kimoyomoyo "kupanda", likishuka "kushuka", goti likiuma "maumivu", ukijikuta unawaza habari za nyumbani "kuwaza". Kila siku au baada ya siku moja unaingia kwa mwalimu kuripoti.

Ramani yenyewe ina hatua 16 zinazoitwa nyana, neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, lenye maana ya ujuzi, na msingi wake ni Visuddhimagga, kitabu alichoandika mtawa Buddhaghosa huko Sri Lanka kwenye karne ya 5. Sitazipitia zote. Za mwanzo mtu anaanza kuona kwamba tumbo kupanda ni kitu kimoja na kujua kwamba linapanda ni kingine, halafu anaona vinavyosababishana, halafu vitu vinaanza kuzuka na kupotea kwa kasi. Hapo panakuwa na raha kubwa, mwanga machoni, furaha inayosisimua mwili mzima, imani inajaa mpaka mtu anataka kumpigia simu mama yake amwambie na yeye aanze. Wengi wanaamini wameshafika, na mwalimu anachowaambia ni kimoja tu, taja "kuona mwanga, kuona mwanga", usikae nao. Vitabu vya zamani vimeiita hii raha uchafu wa ufahamu, kwa sababu inamfanya mtu aache kazi aliyokuja kufanya.

Baada ya hapo ndo mambo yanageuka. Tumchukue mwanafunzi mmoja wa kawaida, tumfuate. Jana alikuwa anaona kila kitu safi, leo anaingia kwa mwalimu amekunja uso anasema nimeharibu, tumbo silioni tena, halina umbo, nikitaja "kupanda" nakuta limeshapotea, hata miguu siijui iko wapi. Anadhani ameporomoka. Mwalimu mzoefu hamjibu haraka, anauliza maswali matatu: kilitokea nini, ulikitajaje, na ulipokitaja kikawaje? Hili la tatu ndo lenye uzito. Akijibu "kikapotea palepale, na kile kilichokuwa kinakitaja nacho kikapotea", mwalimu anajua hapa hakuna kilichoharibika, huyu yuko bhanga, hatua ya kuona vitu vinavunjika tu bila kuona vinavyozaliwa. Anamwambia usilazimishe umbo lirudi, legeza, ukishindwa kutaja tumbo taja "kujua, kujua". Yule ambaye kweli amezembea ripoti yake haifanani na hii, atakuambia nililala, niliwaza, sikumbuki.

Siku mbili tatu mbele inakuja hofu. Anashtuka na mlio wa mlango, usiku chumba kinamtisha, kisha hofu inageuka uzito, anaona kila kitu kina kasoro, chakula hakina ladha, hataki kuongea wala kutabasamu. Halafu linakuja lile ambalo Burma wamelipa jina la kukunja mkeka, yaani mtu anataka kuondoka. Anajikuna, anabadilisha mkao kila dakika tano, anakumbuka shughuli za dharura nyumbani, wengine wanafunga mizigo kabisa. Mwalimu anamwambia taja "kutaka kuondoka, kutaka kuondoka", kaa saa moja ya mwisho bila kujigeuza. Akivuka, inakuja hali ya utulivu ambapo kutaja kunaenda kwenyewe, maumivu hayamsumbui, anakaa saa mbili anaona kama nusu saa.

Sasa wanaosema mwalimu anyamaze. Ile hoja ya maswali matatu inategemea mwanafunzi asijue jibu linalotakiwa. Ukishampa orodha kwamba baada ya mwanga kuna kuvunjika na baada ya kuvunjika kuna hofu, ataileta hofu mwenyewe, tena kwa moyo safi kabisa, na mwalimu atakuwa hana njia ya kujua kipi kimezuka na kipi kimesomwa. Mahasi mwenyewe aliandika maelezo ya hatua zote, lakini akaeleza kwamba ameyaandika kwa ajili ya waliokwisha kupata matokeo, sio wanaoanza. Pili, ramani inaamsha tamaa. Mtu anaacha kutaja tumbo anaanza kutaja namba, niko ya tano, mwenzangu kwenye mkeka ule yuko ya ngapi. Nimeshawaona watu wa namna hii na nasema bila kusita kwamba wanakwama kuliko wasiojua kitu.

Wanaosema aseme nao wana hoja, na ni nzito vilevile. Mtu asiyeambiwa anajitafsiria mwenyewe, na tafsiri ya saa nane usiku haijawahi kuwa nzuri: nimerogwa, naingia wazimu, Mungu kaniacha. Alafu kuna ile hatari ya mkeka, ukiondoka katikati ya uzito unaupanda basi nao, unafika nao nyumbani ambako hakuna wa kumwuliza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Jared Lindahl na Willoughby Britton pamoja na wenzao, walichapisha mahojiano na watafakari na walimu wa Kibuddha wa nchi za Magharibi, wakaainisha mambo 59 yanayoweza kumkuta mtu kwenye kutafakari, mengine mazuri, mengine ya hofu, kukosa usingizi, kuhisi dunia si halisi, na kwa baadhi yalidumu muda mrefu baada ya mafungo. Huwezi kumpeleka mtu kwenye jambo lenye uwezekano huo halafu ukasema nilinyamaza ili nisimharibie zoezi.

Kuna kitu pande zote mbili huwa zinakipita haraka, na mimi naona kinabadilisha mjadala. Visuddhimagga inapofika kwenye nyana ya hofu inauliza swali: je, ujuzi huu wenyewe unaogopa? Inajibu hapana. Inatoa mfano wa mtu mwenye macho anayetazama mashimo matatu ya makaa ya moto kwenye lango la mji, yeye haogopi, anajua tu kwamba atakayetumbukia ataumia sana. Yaani kwa maandiko yenyewe hatua ya hofu ni kuona kwamba kila kilichopita kimekwisha na kilichopo kinakwisha na kijacho kitakwisha, hivyo hakuna pa kuegemea. Kutetemeka na kukosa usingizi kunaweza kuambatana na hilo, kunaweza pia kuwa jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo mwalimu anayesikia neno "naogopa" akakimbilia kusema "vizuri, uko ya sita" amekosea mara mbili. Anatakiwa arudi kwenye swali la tatu. Hofu ya hatua huja na kuondoka ndani ya kikao, ukiitaja inapungua au inabadilika, na mtu bado anaweza kutaja, anakula, anafuata maelekezo, analala kidogo lakini analala. Tofauti na hapo ni mtu ambaye hajalala usiku wa pili huu na bado ana nguvu zisizo za kawaida, anasikia sauti, anaamini amepewa ujumbe yeye peke yake, hajui tena kutaja ni nini, au anawaza kujidhuru. Huyo haambiwi endelea hata kidogo. Anaachishwa kukaa, anatembea nje macho wazi, anapewa chakula hata usiku, anaongea na mtu, analala, anatafutiwa daktari, na haondoki peke yake. Vituo makini huwa vinauliza historia ya magonjwa ya akili kwenye fomu kabla hujaingia, na naomba sana usifiche pale.

Ukiuliza naegemea wapi, naona yamechanganywa mambo mawili. Majina ya hatua na mpangilio wake yafichwe, hapo nakubaliana na walimu wa zamani mia kwa mia. Lakini uwezekano wa ugumu usifichwe. Siku ya kwanza mwalimu anaweza kusema kwa dakika tano: unaweza kukutana na hofu, huzuni au hamu kali ya kuondoka, ikitokea haina maana umeharibu, njoo useme, usipolala usiku mzima au ukianza kusikia sauti mwamshe fulani, chumba kile, saa yoyote. Hapo hajataja namba hata moja na mwanafunzi hajapewa cha kuigiza.

Na ile "taja tu, endelea" uliyoambiwa inaweza kuwa ilikuwa sahihi kabisa, siwezi kujua nikiwa huku. Cha kujipima nacho ni hiki: kabla ya kukujibu hivyo, alikuuliza kwamba ulipoitaja hofu ikawaje? Alikuuliza kama umelala? Kama aliuliza, alikuwa anakuongoza. Kama hakuuliza, alikuwa anakisia, na hilo ungeweza kumrudia ukamwambia.

Kwa sasa, kama hofu bado inakurudia, usijifungie chumbani kuimalizia peke yako. Punguza kukaa, tembea, lala, mtafute mwalimu anayehoji, na ikikuzuia kazi au usingizi muone daktari bila aibu. Wala usijihesabu umeachwa njiani. Visuddhimagga inafananisha akili iliyofika karibu na mwisho wa ramani na kunguru wa mabaharia: chombo kikipotea anaachiwa, anaruka pande zote kutafuta nchi kavu, akiiona anakwenda moja kwa moja, asipoiona anarudi kutua juu ya mlingoti, na anaweza kurudi hivyo mara nyingi.