Magauni yaliyododa baada ya Idd

“Kila Idd ikipita nabaki na magauni ya watoto dukani. Kwa nini nisiagize kwa wastani wa mauzo ya miaka iliyopita, nikaepukana na mali ya kudoda?”

Gauni lililododa huonekana kila siku likiwa limening’inia pale pale, na mwenye duka hulihesabu kila anapofunga. Mama aliyeingia usiku wa kuamkia Idd akaulizia saizi ya mtoto wa miaka sita, akaambiwa imekwisha, akatoka, haachi alama yoyote. Ndiyo maana hasara ya kwanza hulalamikiwa hadi mfungo sita, ilhali ya pili, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi, haina hata mstari wake kwenye daftari. Hesabu iitwayo ya muuza magazeti, yaani mtu anayelazimika kuamua alfajiri achukue nakala ngapi za gazeti ambalo kesho yake halitanunuliwa, kazi yake ni kuziweka hasara hizi mbili kwenye mizani moja.

Tuchukue duka la Tanga linalonunua gauni Kariakoo kwa shilingi 14,000, nauli ikiwemo, na kuliuza kwa 26,000. Likibaki baada ya Idd el-Fitr, linatolewa kwa 10,000. Kumkosa mteja mmoja ni kupoteza faida ya 12,000. Kubaki na gauni moja ni kupoteza 4,000. Kanuni inasema uendelee kuongeza mzigo hadi uwezekano wa kutosheleza wateja wote ufikie hasara ya kukosa gawanya kwa jumla ya hasara zote mbili, yaani:

12,000 / (12,000 + 4,000) = 0.75

Sasa tuseme mwenye duka, kwa uzoefu wake, anaona kwamba katika misimu 100 wateja watataka magauni 60 mara 10, 80 mara 25, 100 mara 30, 120 mara 25 na 140 mara 10. Wastani ni 100. Lakini magauni 100 yanatosheleza misimu 65 tu kati ya 100, na kanuni inataka angalau 75. Kwa hiyo mzigo unaofaa ni magauni 120, ambayo yanatosha katika misimu 90.

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Anayeagiza 120 atabaki na masalio katika misimu 65 kati ya 100, na kwa wastani magauni 22 yatadoda kila Idd. Anayeagiza 100 atabaki na 9 tu. Mpita njia akiyatazama maduka haya mawili wiki moja baada ya sikukuu, atasema bila kusita kwamba wa pili ndiye anayejua biashara. Hata hivyo faida ya wastani ya wa kwanza ni 1,088,000 na ya wa pili ni 1,056,000. Msimu ukiwa wa kawaida au mbaya, mwenye 120 anazidiwa kwa 80,000; wateja wakifika 120 au zaidi, anamzidi mwenzake kwa 240,000. Masalio ni gharama aliyoilipa kwa kukusudia, kama mtu anayelipa kodi ya fremu.

Kuna jambo baya zaidi katika kuagiza kwa wastani wa mauzo, na ndilo linalonifanya nisiikubali shauri hiyo hata kwa mfanyabiashara mwoga. Mauzo si mahitaji. Duka likiwa na magauni 100, haliwezi kuuza la 101 hata mji mzima ukipanga foleni mlangoni, ila mwaka ambao wateja ni 60 huandikwa 60 kama ulivyo. Katika mfano wetu, mwenye magauni 100 anauza wastani wa 91. Akiichukua 91 kuwa ndiyo kiasi cha wateja wake, akaagiza hivyo kwa misimu kadhaa, wastani wa mauzo unashuka hadi karibu 85. Akiagiza 85, unashuka hadi 81. Wateja hawajapungua hata mmoja. Ni yeye anayejipunguzia, huku akifurahi kwamba masalio yamepungua na kuamini kwamba mwaka baada ya mwaka anaupatia msimu vizuri zaidi.

Wala udhaifu huu si wa wauza duka peke yao. Mwaka 2000 watafiti Maurice Schweitzer na Gérard Cachon walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa biashara waliambiwa wazi kwamba mahitaji yangeweza kuwa namba yoyote kati ya 1 na 300 kwa nafasi sawa. Bidhaa ilinunuliwa kwa 3 na kuuzwa kwa 12, na iliyobaki haikuwa na thamani. Jibu sahihi ni 225. Wao waliagiza karibu 177 kwa wastani. Bei ya kununulia ilipokuwa 9, jibu sahihi likiwa 75, waliagiza karibu 134. Wastani uliwavuta kutoka pande zote mbili.

Upande wa tahadhari nao una haki yake, hasa penye mtaji. Magauni 20 ya ziada yanadai shilingi 280,000 taslimu kabla ya mfungo, ili kuongeza faida ya wastani ya 32,000. Wastani huo ni wa misimu mingi, na mwenye duka anakula Idd moja kwa mara. Akiwa amekopa, riba ya muda ambao gauni limelala lazima iongezwe kwenye hasara ya kubaki, na akiwa na deni ambalo msimu mmoja mbaya unaweza kumfungia duka, ana sababu ya kusimama 100. Siwezi kumlaumu.

Bei ya kutolea masalio nayo inaweza kuigeuza hesabu yote. Gauni likibaki na thamani ya 3,000 tu kwa sababu mtindo wake umepita, hasara ya kubaki inakuwa 11,000, uwiano unashuka hadi 0.52, na kanuni ile ile inarudi kwenye magauni 100. Kinyume chake, gauni jeupe lisilo na mtindo wa mwaka linaweza kusubiri Idd el-Hajj, ambayo huja siku 70 hivi baadaye, likauzwa kwa bei inayokaribia ya kwanza. Kwa hiyo duka moja linaweza kuagiza kwa ukarimu magauni meupe na kwa ubahili yale ya mtindo, bila kujipinga. Na anayeweza kurudi Kariakoo katikati ya Ramadhani akazikuta saizi anazozitaka bado zipo, haihitaji hesabu hii. Imetungwa kwa anayeagiza mara moja tu.

Kwa mwenye duka wetu, kazi inaanza na daftari. Mbali na idadi iliyouzwa, aandike tarehe ambayo kila saizi ilikwisha. Saizi ya miaka sita ikimalizika mwezi 24 Ramadhani, wakati pilikapilika kubwa ni za kuanzia 27 hadi usiku wa kuamkia sikukuu, basi idadi iliyouzwa ya saizi hiyo ni kiasi cha chini cha wateja wake, na kila anayeulizia baada ya hapo astahili alama ya kalamu hata kama ametoka mikono mitupu.