Mnasifia urefu wa bomba, mngeuliza tani

Jirani yangu hapa Sudbury, Kanada, ana huzuni kwa sababu dohani kubwa ya mji inabomolewa. Anasema mji utakosa sura. Nikamjibu kwa adabu ya ugenini, lakini moyoni nilikuwa nacheka, maana siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu Changamwe, Mombasa, watu walikuwa wanashangilia: kiwanda fulani kimeahidi kurefusha bomba lake la moshi. "Tumewashinda!" akaandika mmoja.

Mmeshinda nini, ndugu zangu?

Hii dohani ya hapa ilianza kazi mwaka 1972, ikiwa na urefu wa mita 381, kwa sababu uyeyushaji wa nikeli na shaba ulikuwa umeunguza mimea hata mawe yakawa meusi. Hewa ya mjini ikawa nafuu kweli. Lakini dioksidi ya salfa iliendelea kutoka kwa maelfu ya tani kila siku, sasa ikitembea mamia ya kilomita, ikigeuka asidi njiani na kushuka na mvua kwenye maziwa ya watu ambao hawakuwahi kuuona huo mnara.

Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wa bomba, ongeza kimo ambacho moshi unajipandia wenyewe kwa joto na kasi ya kutoka. Tuseme jumla ni mita 60, na mahali palipochafuka zaidi chini hewa ina maikrogramu 40 za uchafu kwa mita ya ujazo. Ukifikisha jumla mita 120, upepo ukiwa uleule, kiwango hicho cha juu kinashuka hadi kama 10, kwa sababu kinapungua kwa mraba wa kimo. Mkaguzi anafurahi. Lakini kama kiwanda kilikuwa kinatoa tani moja kwa saa, bado kinatoa tani moja kwa saa. Pale panapopigwa zaidi pamesogea mbali tu. Kama palikuwa kwako, sasa pako kwa shemeji yako.

Na upepo nao si mtumishi wa kiwanda. Ukivuma kwa nguvu unachanganya moshi na hewa nyingi, lakini pia unaulaza usipande, na bomba likiwa fupi kuliko majengo ya jirani, moshi unavutwa chini nyuma ya jengo. Usiku mtulivu, hewa baridi ikikaa chini na ya joto juu, moshi wa bomba refu unasafiri kama utepe bila kugusa mtu. Jua likichomoza na kuichanganya hewa, utepe wote unashuka kwa pamoja. Ndiyo maana kuna watu wanakohoa asubuhi saa mbili au tatu, na mchana ukileta mashine ya kupima, haioni kitu.

Najua mtakavyosema. "Huyu amekula theluji kidogo, sasa anatufundisha moshi." Mimi nimelelewa kwenye moshi huo, na mama yangu bado anaanua nguo zenye vumbi. Wala sisemi wazungu ni malaika: waliichafua nchi hii miaka mingi kabla ya kushtuka, na walianza na dawa hiihii mnayoishangilia.

Kilichowaponya ni kingine. Serikali ya jimbo ikaweka kikomo cha tani, si cha mita. Kiwanda kikalazimika kutenga madini yenye salfa nyingi kabla ya tanuri, kubadilisha tanuri zenyewe, na kunasa gesi iliyobaki kuifanya asidi ya salfa ya kuuza. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamepunguza kwa kama asilimia 90. Gesi ikapungua mno, na mwaka 2020 ile dohani ikastaafishwa.

"Kwa hiyo bomba fupi ndiyo zuri?" Hapana, usinilishe maneno. Bomba refu linamsaidia anayeishi chini yake, na hata baada ya kusafisha moshi unahitaji bomba la kutosha. Nalalamikia kulipwa mita pale mlipopaswa kudai tani. Kama ni vumbi, ulizeni vichujio vya mifuko viko wapi na vinabadilishwa lini. Kama ni salfa, ulizeni inanaswa na nini, na kinachonaswa kinapelekwa wapi.

Tena sisi wa pwani hatuna udhuru. Mvuvi yeyote anajua kusi na kaskazi havitoki upande mmoja. Bomba lililopimwa wakati wa kusi litapeleka moshi kwa watu wengine kabisa Januari. Aliye na nakala ya tathmini ya mazingira ya kile kiwanda anitumie. Nataka kuona kama miezi ya kaskazi imo.