Rasimu ya ukaguzi wa mradi: nani aione kwanza?

"Mkaguzi huru akishamaliza kazi, amwoneshe meneja wa mradi rasimu kwanza, au aipeleke moja kwa moja kwa mwenye fedha?"

Jibu linategemea sana kilichomo ndani ya rasimu hiyo, kwa hiyo tuanze na mradi wenyewe. Tuchukue mradi wa maji wa kata, namba zake zikiwa za mfano: mkataba wa shilingi milioni 600 kwa miezi 12. Kisima na pampu vimetengewa milioni 150, tenki milioni 120, mtandao wa bomba wa mita 12,500 milioni 250, na vituo 10 vya kuchotea maji milioni 80. Mkaguzi anafika mwezi wa sita. Ripoti ya meneja inasema kazi imefika asilimia 62.

Swali la kwanza la mkaguzi ni hiyo 62 imetoka wapi. Mara nyingi imetoka kwenye hati za malipo: zimelipwa milioni 372, ukigawa kwa 600 unapata 62. Hiyo ni asilimia ya fedha, wala si ya kazi. Ukiifungua, unakuta milioni 60 za malipo ya awali ambazo mkandarasi bado hajakatwa, na milioni 90 za mabomba yaliyorundikwa ghalani. Zinabaki milioni 222 zilizolipwa kwa kazi iliyofanyika.

Kisha anakwenda saiti kupima. Kisima kimechimbwa na kupimwa wingi wa maji, ila pampu haijafungwa, kwa hiyo anakipa milioni 110. Tenki liko asilimia 40, yaani milioni 48. Bomba lililofukiwa ni mita 4,000. Kwa shilingi 20,000 kwa mita, ni milioni 80. Jumla ni milioni 238, karibu asilimia 40 ya mkataba. Mpango wa kazi ulitaka milioni 310 kufikia mwezi huo. Ukigawa 238 kwa 310 unapata 0.77: katika kila shilingi 100 za kazi iliyopangwa, imefanyika ya shilingi 77.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kati ya mita 4,000 zilizofukiwa, ni 1,500 tu zenye cheti cha jaribio la presha. Bomba ambalo halijajaribiwa linaweza kuwa na maungio yanayovuja, na kulifukua tena ni gharama. Mkaguzi mkali atahesabu mita 1,500 peke yake. Bomba litashuka hadi milioni 30 na kazi yote hadi milioni 188, yaani asilimia 31. Tena, kwa hesabu hiyo mwenye fedha atakuwa amelipa milioni 34 zaidi ya kazi iliyokubalika, ilhali kwa hesabu ya kwanza hajazidisha kitu. Vipimo vya saiti havijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uamuzi wa nini kihesabiwe kuwa kazi.

Wanaotaka meneja aione rasimu wana hoja nzito hapa. Meneja anaweza kujibu kwamba mita 2,500 hazijajaribiwa kwa sababu jaribio linahitaji maji, na maji hayapo mpaka pampu ifungwe. Mkaguzi aliyekaa saiti siku tatu anaweza kuikosa sababu hiyo kabisa. Akiikosa, ataandika kuwa mkandarasi ni mzembe na kupendekeza akatwe fedha, wakati tatizo ni mpangilio wa kazi: pampu ilipangwa mwishoni, na kila kitu kinaisubiri. Hoja ya ukaguzi iliyokamilika huonesha hali ilivyo, kigezo kilichokiukwa, sababu, athari na pendekezo. Hali na kigezo mkaguzi anaweza kuvipata peke yake. Sababu huipata kwa nadra sana bila kuongea na wenye mradi, na pendekezo lililojengwa juu ya sababu isiyo sahihi huharibu zaidi.

Upande wa pili nao wamefundishwa na yale wanayoyaona saiti. Mpe meneja rasimu inayosema mita 2,500 hazina vyeti, na wiki ijayo vyeti vinaweza kuonekana vikiwa na tarehe za miezi miwili nyuma. Kwa bahati nzuri, cheti cha namna hiyo hupimika. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha takriban milimita 100 hubeba karibu lita 7.85 kwa kila mita, kwa hiyo mita 2,500 zinahitaji kama lita 19,600. Kwa kuwa pampu haijafungwa, maji hayo yaliletwa na boza gani, na risiti iko wapi? Hata kama maji yaleyale yalihamishwa kutoka kipande hadi kipande, daftari la saiti la siku hiyo lingetaja boza, mashine ya kusukumia presha na mafundi waliokuwepo. Daftari likikaa kimya, cheti hakina miguu.

Madhara mengine ni ya polepole na ni magumu zaidi kuyakamata. Rasimu ikizunguka wiki tatu, rangi ya tathmini iliyokuwa "nyekundu" hugeuka "njano", na "kazi haijajaribiwa" hugeuka "majaribio yanaendelea". Hakuna aliyesema uongo. Maneno yamelainishwa tu, na mwenye fedha analipa hati inayofuata.

Usiri nao una watetezi wake. Serikali ya Uingereza ilianzisha mapitio ya miradi mikubwa yanayoitwa "Gateway", ambapo ripoti hukabidhiwa mwenye dhamana ya mradi. Mapitio mawili ya awali ya mradi wake wa vitambulisho vya taifa, ya 2003 na 2004, yalibishaniwa kwa miaka kabla ya kutolewa hadharani 2009. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wanaohojiwa wakijua maneno yao yatasomwa na kila mtu, hawatasema ukweli. Hoja hiyo ina uzito: fundi mkuu hatamwambia mkaguzi kuwa nondo za tenki zilipunguzwa ikiwa meneja atalisoma jina lake kesho yake. Hata hivyo, njia ya kumlinda fundi ni kuondoa jina lake na kwenda kuzipima nondo, si kuificha hoja.

Kwa maoni yetu, meneja aoneshwe vipimo, asioneshwe hukumu. Apewe karatasi yenye mita zilizopimwa, vyeti vilivyoonwa na hati za malipo zilizosomwa, bila rangi, bila asilimia ya mwisho, bila mapendekezo. Apewe siku tano za kazi, na mwenye fedha apate nakala siku hiyohiyo. Tarehe ya kufunga ushahidi itajwe mapema: hati itakayokuja baada yake haiingii kwenye hesabu, inaorodheshwa peke yake pamoja na siku iliyopokelewa. Jibu la meneja lichapishwe neno kwa neno chini ya hoja husika, hata pale mkaguzi asipokubaliana nalo. Na kwa mabomba yetu, ripoti itoe namba zote mbili, asilimia 40 na asilimia 31, ieleze kinachozitofautisha, kisha mkaguzi aseme anasimama kwenye ipi. Sisi tungesimama kwenye 31 kwa ajili ya malipo na 40 kwa ajili ya ratiba, kwa sababu mitaro imechimbwa kweli, ila hakuna anayepaswa kulipia ungio ambalo halijabanwa kwa presha.

Utaratibu huu unakoma mahali pamoja. Mkaguzi akikuta saini ya mtu aliyekuwa likizo siku ya kupokea mabomba, au hati mbili za malipo kwa mita zilezile, meneja haoneshwi chochote. Nakala zinachukuliwa siku hiyo, na barua inakwenda kwa mwenye fedha kabla ya hati ya malipo inayofuata kusainiwa.