Maumivu yanayofuata kalenda si PID

Nauza dawa hapa Moshi, jirani na Soko la Mbuyuni, na kuna cheti kimoja ninachokifahamu kabla mteja hajakikunjua. Doksisaiklini asubuhi na jioni kwa siku 14, metronidazoli kwa siku hizohizo 14, mara nyingine na sindano ya seftriaksoni ya kuanzia. Juu yake pameandikwa PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi. Mwenye cheti huwa ni dada wa miaka ishirini na kitu, mkono mmoja kiunoni. Cheti chenyewe hakina kosa, hiyo ndiyo dawa ya PID. Kinachonikera ni kumwona dada yuleyule na cheti kilekile baada ya miezi michache, halafu tena. Ukimuuliza mwezi huu tumbo lilianza lini, anajibu kama vile umeuliza jambo la wazi: "Si siku zangu zilipokaribia, dokta."

PID ipo na si ya kuchezea. Ikiachwa inaweza kuziba mirija na kumnyima mtu mtoto. Lakini PID huja na mambo yake: maumivu mapya ambayo mtu hakuwa nayo, uchafu wenye harufu, pengine homa, na daktari akipima kwa vidole shingo ya kizazi inauma ikiguswa. Bakteria hawasubiri tarehe. Maumivu yanayotangulia hedhi kwa siku kadhaa, yakapanda nayo, yakashuka ikiisha, na yamekuwa yakifanya hivyo tangu mtu yuko sekondari, yanastahili kuulizwa jambo jingine, na jambo hilo kwa kawaida ni endometriosisi.

Huu ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake: nyuma ya kizazi, kwenye ovari, juu ya utumbo, kwenye kibofu. Homoni za mwezi zinaiamsha kama zinavyoamsha ile ya ndani, nayo inavimba na kuchubua sehemu ilipokaa. Miaka ikipita yanatokea makovu, na viungo vinavyopaswa kuteleza vinagandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata kama asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hesabu hiyo ukiipeleka kwenye darasa moja la kidato cha nne, si wasichana wa kutafuta kwa tochi.

Sasa angalia namna antibaiotiki zinavyojipatia sifa za bure. Mgonjwa anakwenda zahanati siku maumivu yamefika juu, ambayo ni siku ya kwanza au ya pili ya hedhi. Anaanza dozi. Siku ya tano hedhi imekatika na tumbo limetulia. Yeye anasema dawa imefanya kazi, daktari naye anaandika hivyo. Mwezi unaofuata yanarudi, anaambiwa ni PID sugu, au mume naye atibiwe. Hapo ndipo nyumba zinapowaka moto, maana PID watu wanaifahamu kama ugonjwa wa kuambukizana kitandani. Nimewaona wanandoa wakilaumiana mbele ya kaunta yangu kwa ugonjwa ambao hakuna aliyemletea mwenzake.

Nichukue mteja mmoja aliyenikubalia nimweleze bila jina. Ni fundi cherehani, miaka 27. Tumbo la chango lilimwanza akiwa bweni, na matroni akimpa Panadol mbili na kumwambia akaze moyo, atazoea. Alipofika miaka 22 akaanza mzunguko wa PID, dozi tatu kwa miaka miwili. Baadaye akaambiwa apige ultrasaundi. Majibu: kizazi kawaida, ovari kawaida. Aliyemsomea akamwambia hana kitu, ni mawazo, akiolewa yataisha. Akaolewa. Hayakuisha, na sasa tendo la ndoa nalo likawa linauma kwa ndani kabisa.

Ultrasaundi ya pili, mahali pengine, ikaja na habari tofauti: ovari zina vivimbe vidogo vingi, kwa hiyo ana PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayozuia mayai kukomaa na kutoka vizuri. Akapewa metformini na kuambiwa apunguze uzito. Kidogo alifurahi, angalau amepata jina.

Lakini jina hilo halikumkaa. Vinavyoitwa vivimbe kwenye PCOS ni vifuko vya mayai ambayo hayajakomaa, na mwanamke kijana mwenye afya yake anaweza kuwa navyo vingi tu. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, mtu mzima anahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio kwa sababu yai halitoki vizuri, dalili za homoni za kiume kama ndevu na chunusi nyingi, na hiyo picha ya ovari. Fundi wetu hedhi yake inakuja kila baada ya siku 28 au 29, kidevu hakina unywele. Alikuwa na picha peke yake. Zaidi ya hapo, shida kubwa ya PCOS ni hedhi kupotea, kuchelewa kushika mimba na hatari ya kisukari. Mwenye PCOS aliyekaa miezi mitatu bila kuona anaweza kupata hedhi nzito inayouma, sawa. Kulala chini kila mwezi bila kukosa ni habari nyingine, na anayeambiwa "hiyo ni PCOS yako" ameachwa palepale alipokuwa. (Magonjwa yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, ndiyo maana kupata jina la kwanza kusizuie kutafuta la pili.)

Na ile ultrasaundi safi? Ultrasaundi ya kawaida inaona endometriosisi ikiwa imetengeneza uvimbe kwenye ovari, ule wenye damu nzito ya zamani ndani yake. Madoa yaliyotapakaa juu ya utando wa ndani ya tumbo, ambayo ni madogo na membamba, haiyaoni. Yale yaliyozama nyuma ya kizazi yanaonekana kwa kipimo cha kupitia ukeni, tena mkononi mwa mtu aliyefundishwa kuyatafuta. Kwa hiyo majibu safi yanasema hakuna uvimbe mkubwa. Hayasemi mgonjwa hana kitu.

Mimi si daktari, nilichofanya ni kumpa daftari. Aandike tarehe, maumivu kati ya 0 na 10, dawa aliyokunywa, na choo kilikuwaje. Hilo la choo alilionea haya, kumbe ndilo lililozungumza. Siku za hedhi, kwenda haja kubwa kulikuwa kama kuchomwa kisu. Siku nyingine hakuna shida. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipofika kwa daktari bingwa wa wanawake hospitali ya rufaa, daftari likasomwa, akapimwa kwa vidole, na nyuma ya kizazi pakakutwa vinundu vinavyouma.

Hakupelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Zamani iliaminika huwezi kutaja endometriosisi bila laparaskopi, yaani kuingiza kamera tumboni kupitia tundu dogo kitovuni. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliilegeza kanuni hiyo: dalili zikielekea huko, matibabu yaanze, na kamera ibaki kwa ambao picha hazionyeshi kitu au dawa zimeshindwa. Alipewa vidonge vya majira, vilevile vya uzazi wa mpango, kwa maelekezo tofauti: ameze vile 21 vyenye homoni, aruke 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma, aanze pakiti nyingine, ili hedhi isije. Kabla ya hapo alipimwa presha na kuulizwa kuhusu kipandauso, kwa kuwa mwenye presha ya juu au kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga hapewi vidonge hivyo. Mwezi wa nne daftari lilisoma 4 badala ya 9. Matone ya damu ya hapa na pale yanamkera, na anajua ugonjwa haujaondoka, umenyamazishwa. Akitaka mtoto ataviacha, na huenda maumivu yakarudi.

Kwa nini ilichukua miaka 12? Sehemu ya jibu iko kwenye vitabu vya madaktari. Kwa miongo mingi karne iliyopita walifundishwa kwamba endometriosisi ni ya wanawake weupe wenye nafasi zao wanaochelewa kuzaa, na kwamba mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga ana PID. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha alichokiona kwa laparaskopi kwa wagonjwa wake weusi: endometriosisi haikuwa adimu hata kidogo, na wengi waliokuwa nayo walikuwa wameshapewa jina la PID. Hii ni karibu nusu karne iliyopita. Nikitazama vyeti vinavyofika kaunta yangu, nahisi fundisho lile la kwanza lilisafiri likafika, sahihisho lake likabaki njiani. Hapa kwetu Happiness Magese, Miss Tanzania wa 2001, alipoutangaza ugonjwa wake hadharani, wateja wengi ndiyo kwanza walilisikia jina hilo, tena kwa mrembo kabla ya kulisikia kliniki.

Sehemu nyingine iko nyumbani, na hapa siwezi kumlaumu mtu. Mama anapomwambia binti, "Mbona hata mimi nilikuwa hivyo, na bibi yako pia," anasema kweli. Ila endometriosisi inatembea kwenye ukoo. Mwenye mama au dada anayeumwa ana hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Katika nyumba ambayo wanawake wote wanaumwa, kuumwa ndiyo kawaida ya nyumba hiyo. Kauli ile ya mama ingepaswa kuandikwa kwenye faili la binti.

Nisieleweke vibaya: mikazo ya kawaida ipo. Inaanza na damu au saa chache kabla, inakaa siku moja hadi tatu, na inasikia dawa. Panadol hapa haina nguvu sana. Ibuprofeni miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya chakula, ianzwe dalili ya kwanza bila kusubiri mpaka mtu amejikunja, ndiyo inayozuia prostaglandini zinazokamua kizazi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza. Binti aliyeitumia hivyo kwa mizunguko mitatu na bado anakosa shule, huyo akaonwe.

Fundi ana mdogo wake kidato cha pili, naye ameanza kulala chini. Mama yao alikuja dukani wiki iliyopita. Ibuprofeni ameikubali, daftari amelikubali, hata kwenda kwa bingwa. Nilipomwambia huenda daktari akataja vidonge vya majira, aliniangalia kama nimemtukana: "Dokta, mtoto wa shule?" Tumekubaliana aje na dada mtu Jumamosi, tuongee watatu.